Jina Moja, Masanduku Matatu: Majina ya Watu wa Nyanza Mbele ya Karatasi za Serikali

Msomaji wa pwani akisikia neno Usagara, fikra zake huelekea milima ya Kilosa, kwenye nchi ile ambayo mwaka 1884 Karl Peters aliitembeza mikataba yake pamoja na Uzigua, Unguru na Ukami. Lakini Mwanza nako kuna Usagara. Ni kata ya Wilaya ya Misungwi, mwendo mfupi kusini ya mji, pale barabara kuu inapogawanyika: mkono mmoja waenda Shinyanga, mkono wa pili washuka Bukumbi na Kigongo hadi ukingo wa Ziwa, ambako tangu mwaka 2025 daraja refu limechukua nafasi ya kivuko cha kwenda Busisi na Geita. Jina ni moja, mahali ni pawili. Mtu wa Misungwi akisema "naenda Usagara" haulizwi ipi, kwa kuwa msemaji na msikilizaji wanajuana. Barua iliyoandikwa "Usagara" peke yake, ikatiwa posta Unguja, yaweza kupotea.

Hali hiyo ya mahali ndiyo hali ya watu wa nchi hiyo. Kwa karne nyingi Msukuma, Mkerewe au Mzanaki alikuwa na jina moja, nalo lilimtosha. Jina lilikuwa mali yake mwenyewe, halikuwa la baba wala la ukoo. Wasukuma humwita Mabula mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua, na Kabula akiwa wa kike. Limi ni jua. Mapacha huitwa Kulwa na Doto, yeyote wawe, na mtoto anayefuata baada yao huitwa Shija. Kwa hiyo jina husimulia jambo la siku ya kuzaliwa, au nafasi ya mtoto katika mfuatano wa ndugu. Halisimulii ni nani aliyemzaa. Akihitajika kutofautishwa na Mabula wa nyumba ya pili, huongezwa neno moja la uhusiano: Mabula ng'wana Masanja, yaani Mabula mtoto wa Masanja. Neno hilo la pili ni maelezo tu. Huletwa panapohitajika na huachwa pasipohitajika, kama vile mtu anavyosema "Usagara ya Misungwi".

Msomaji wa pwani asione ajabu sana, kwa maana kwao pia mfumo wa zamani ni huo kwa sura nyingine. Ali bin Said bin Nasor ni jina moja lenye ngazi mbili za nasaba, na binti yake hubaki kuwa binti Ali hata akiolewa na nani. Tofauti ni kwamba pwani ngazi zile zilizoea kuandikwa mapema, na baadhi ya koo zilikuwa na nisba iliyotulia mwishoni, kama Mazrui au Barwani. Mtu wa aina hiyo akiulizwa jina la ukoo, analo la kujibu. Mtu wa Nyanza ana ukoo, na pengine ukoo mkubwa wenye miiko na historia. Watawala wa Ukerewe walikuwa wa ukoo wa Basilanga, na kila mtu kisiwani alilijua hilo. Hata hivyo jina la ukoo halikuvaliwa kama nguo ya mwisho ya jina la mtu. Lilitajwa katika ndoa, katika mirathi na katika matambiko, kisha likarudishwa mahali pake.

Ushahidi mzuri wa desturi hii uko katika fasihi. Riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyoiandika kwanza kwa Kikerewe miaka ya 1940 na ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, inajulikana kwa majina ya mume na mke, Myombekere na Bugonoka, na ya watoto wao, Ntulanalwo na Bulihwali. Ni majina manne, kila moja limesimama peke yake. Hakuna kiungo kinachoonyesha kuwa hao ni familia moja isipokuwa hadithi yenyewe. Karani asiyesoma kitabu, akikabidhiwa majina hayo manne kwenye orodha, angedhani ni watu wanne wa nyumba nne. Na mwandishi mwenyewe, ingawa alibatizwa Aniceti, katika jalada la kitabu hajulikani kwa jina la ukoo.

Karatasi zilikuja Nyanza kwa njia mbili, na kila njia iliacha alama yake katika majina. Njia ya kwanza ilikuwa ya kanisa. Mapadri Weupe waliotoka Buganda walipiga kambi Bukumbi mwaka 1883, jirani kabisa na Usagara tunayoizungumzia. Daftari la ubatizo lina mpangilio wake: jina la anayebatizwa, wazazi wake, msimamizi wake, padri, mahali na tarehe. Aliyekuwa Mabula aliingia mlangoni na jina moja akatoka na mawili, Paulo Mabula. Hapo likatokea geuzo dogo ambalo halikuonekana siku hiyo. Jina lake mwenyewe, lililokuwa la kwanza na la pekee, likasogezwa nafasi ya pili. Mgeni anayesoma kwa desturi ya Ulaya aliliona Mabula limekaa mwishoni, akalidhania kuwa ni la ukoo.

Njia ya pili ilikuwa ya kodi. Serikali ya Wajerumani ilitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897. Kodi hiyo ilihesabu nyumba, kwa hiyo jina moja la mwenye nyumba pamoja na jina la jumbe wake lilitosha. Waingereza walipotunga sheria yao mwaka 1922, waliongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume asiye na nyumba yake. Sasa aliyehesabiwa alikuwa mtu, na mtu huweza kuhama. Katika nchi yenye akina Mabula na akina Shija wasiohesabika, stakabadhi yenye jina moja haikuthibitisha lolote. Karani akaandika Mabula bin Masanja, kwa neno la Kiarabu alilolizoea, hata kama Mabula hakuwa Mwislamu. Na mahakamani akaandikwa hivyo hivyo kwa kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya "mtoto wa". Majina ya namna hiyo yamejaa katika kumbukumbu za hukumu za Tanganyika. Ng'wana ya Kisukuma, bin ya pwani na kifupisho cha Kiingereza zilikuwa na maana ile ile. Baadaye kiungo kilidondoka, yakabaki majina mawili yamekaa bega kwa bega, Mabula Masanja, na maelezo yakageuka kuwa jina.

Wakati huo cheti cha kuzaliwa hakikuwapo kwa walio wengi. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa miongo mingi haikuwalazimisha Waafrika. Kwa hiyo mtoto wa Nyanza aliandikwa kwa mara ya kwanza na kanisa kama alibatizwa, na mwalimu kama alisoma, au na karani wa kodi alipokuwa mtu mzima. Kila mmoja wa hao alikuwa na daftari lake na mazoea yake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake ameandika nini.

Kisa kinachoonyesha jambo hili wazi kuliko vyote kinajulikana na kila Mtanzania, ingawa ni wachache wanaokitazama kwa jicho hili. Butiama, mashariki ya Ziwa, alikuwapo mtemi wa Wazanaki aliyeitwa Nyerere. Inasimuliwa kuwa jina hilo lina maana ya viwavi, kwa sababu alizaliwa mwaka wa uvamizi wa viwavi. Ni jina la tukio, kama Mabula alivyo wa mvua. Lilikuwa lake peke yake. Baba yake aliitwa Burito, na kwa hiyo mtemi alitambulishwa kama Nyerere Burito. Mwaka 1922 alizaliwa mmoja wa wanawe. Kwanza aliitwa Mugendi, maana yake msafiri au mwenda kwa miguu. Kisha, kwa ushauri wa mganga, akabadilishiwa jina akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Kwa watu wa nyumbani hapo palikuwa pametimia. Mtoto ni Kambarage.

Mwaka 1934 mtoto huyo alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Tabora. Shule ilitaka majina mawili, na la pili likawa la baba: Kambarage Nyerere. Mwaka 1943, baba yake akiwa amekwisha kufariki, alibatizwa Mkatoliki akapata jina Julius, nalo likatangulia mengine. Hivyo ndivyo lilivyopatikana lile jina lenye sehemu tatu ambalo dunia nzima ililijua: la kwanza la kanisa, la kati lake mwenyewe, la mwisho la baba. Burito, jina la babu, likadondoka njiani. Lau karani angefuata kanuni inayotumika leo ya jina lake, la baba na la babu, Rais wa kwanza wa Tanganyika angeitwa Kambarage Nyerere Burito, na magazeti ya London yangemwita Bwana Burito.

Kizazi kilichofuata kinaonyesha hatua ya pili. Kwa kanuni ya nasaba, mtoto wa Kambarage hupaswa kufuatiwa na Kambarage, na Nyerere huwa la babu. Mjukuu wake hana Nyerere tena katika majina yake matatu. Lakini mwanawe ambaye ni mwanasiasa anajulikana kama Charles Makongoro Nyerere. Jina la ubatizo, jina lake mwenyewe, kisha Nyerere. Kambarage imerukwa. Jina la mwaka wa viwavi, ambalo mwenyewe hakulirithi kwa mtu yeyote, limeacha kuwa la baba likawa la ukoo, na linarithiwa kwa mtindo wa Ulaya. Hakuna baraza la wazee lililokaa kuamua hivyo. Liliamuliwa na nafasi ya mwisho katika mstari wa karatasi, pamoja na umaarufu wa mwenye jina.

Nyumba maarufu haipati taabu kwa mabadiliko hayo, kwa kuwa kila mtu anaijua. Taabu huwaangukia wasiojulikana. Na achukuliwe mtu wa mfano katika Usagara ya Misungwi, mkulima wa pamba, jina lake Masanja, baba yake Luhende. Ana wana wawili. Mkubwa, Mabula, alibatizwa na akasoma kwa mapadri. Cheti chake cha shule kinasema Paulo Mabula Masanja. Mdogo, Shija, hakubatizwa. Alijiandikisha ukubwani kwa kanuni ya nasaba, akaandikwa Shija Masanja Luhende. Kwa jirani, hao ni tumbo moja. Kwa anayesoma sanduku la mwisho tu, mmoja ni wa ukoo wa Masanja na mwingine ni wa ukoo wa Luhende. Baba yao, ambaye katika daftari la chama cha ushirika ni Masanja Luhende, anafanana na mdogo na hafanani na mkubwa. Siku Masanja akifariki na wana wakaenda kudai fedha zake benki au shamba lake, mkubwa ndiye atakayeulizwa yeye ni nani kwa marehemu.

Kuna na tatizo la herufi, ambalo wenyeji wa Ziwa wanalijua kuliko watu wa pwani. Jina Ng'wandu lina sauti ambayo Kiswahili huiandika kwa ng na alama ya ritifaa. Karani wa Kiswahili huweza kulisikia akaandika Mwandu. Mwingine huacha ritifaa akaandika Ngwandu. Mtu mmoja sasa ana majina matatu katika karatasi tatu, na hakuna hata moja aliloliomba. Mkasa wa karibu na huo ni kulikata jina vipande. Shujaa wa Wasukuma anayejulikana nchini kote kama Mwanamalundi aliitwa Igulu, mtoto wa Bugomola. Ng'wana Malundi ni jina la sifa linalomtaja kwa miguu yake mirefu. Mtu anayelikata sehemu mbili ili kujaza masanduku mawili, Mwana kwenye la kwanza na Malundi kwenye la mwisho, amemzulia ukoo wa miguu.

Masanduku ya leo yana sura inayojulikana. Fomu ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa inadai jina la kwanza, jina la kati na jina la mwisho. Umuhimu wake ulionekana wazi kuanzia Mei 2019, ulipoanza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, kazi ambayo muda wake wa mwisho ulisogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Asiyekuwa na namba ya kitambulisho cha taifa alikabiliwa na kufungiwa simu. Watu wengi ambao maisha yao yote waliishi kwa jina moja, au kwa jina moja na "mama fulani", walilazimika kuwa na matatu.

Kwa mtu wa namna hiyo, utaratibu wenye madhara machache ni huu. Jina alilopewa nyumbani liandikwe la kwanza, la baba liwe la kati, na la babu mzaa baba liwe la mwisho. Mpangilio huo haumzulii mtu kitu: unaandika kwa herufi yale yale ambayo ng'wana au bin ingeyasema kwa mdomo. Akiwa na jina la ubatizo na tayari limo katika cheti chake cha shule, basi asilitupe. Jambo la kwanza kulitazama ni karatasi ya zamani kuliko zote aliyonayo, iwe cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo au cha darasa la saba, na karatasi zote zinazofuata ziifuate hiyo, herufi kwa herufi. Upatano wa karatasi una thamani kubwa kuliko uzuri wa mpangilio. Paulo Mabula Masanja anayeamua ukubwani kurejea kwenye kanuni ya nasaba, akajiandikisha Mabula Masanja Luhende, hakukosea kwa mila, lakini amejigawa watu wawili.

Pale ambapo karatasi zimekwisha kutofautiana, sheria ina milango miwili ambayo mara nyingi huchanganywa. Mlango wa kwanza ni hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya Kamishna wa Viapo, ambaye kwa kawaida ni wakili au hakimu. Hati hiyo husema kwamba Ng'wandu, Mwandu na Ngwandu ni mtu mmoja. Haibadilishi jina lolote. Inaziunganisha karatasi zilizopo. Ndiyo inayomfaa Paulo Mabula anapodai mirathi ya Masanja Luhende, pamoja na ushahidi wa ndugu. Mlango wa pili ni hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Hiyo huacha jina moja na kushika jingine tangu siku ile na kuendelea. Anayetumia ya kwanza akidhani amebadili jina, atashangaa ofisi ikiendelea kumwita kwa la zamani. Anayetumia ya pili bila haja, naye amejiongezea jina la nne la kulieleza.

Safari ya nje huleta mtihani mwingine, kwa sababu pasipoti hugawa jina sehemu mbili tu: la ukoo na yale mengine. Masanduku matatu ya nyumbani hukunjwa kuwa mawili. La mwisho huwa la ukoo, na mawili yaliyotangulia huwekwa pamoja. Kanuni zake ni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, katika hati yake namba 9303, na alama yake ni ile mistari miwili ya herufi iliyo chini ya ukurasa wenye picha. Mstari wa juu una nafasi 44. Baada ya alama ya nchi huja jina la ukoo, kisha mishale miwili, kisha majina mengine yaliyotenganishwa kwa mshale mmoja mmoja. Jina lile la Butiama lingeandikwa hivi:

```
P<TZANYERERE<<JULIUS<KAMBARAGE<<<<<<<<<<<<<<
```

Kanuni hizo zinamtambua pia mtu mwenye jina moja. Jina lake huwekwa mahali pa ukoo, na nafasi zote zinazobaki hujazwa mishale, bila jina la pili la kubuni:

```
P<TZAMABULA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Ritifaa nayo haina nafasi katika mstari huo. Huondolewa, na herufi zikasogeleana; Ng'wandu husomeka NGWANDU hata kama juu yake, katika maandishi ya kawaida, limeandikwa sawasawa. Hilo ni kosa la mashine lisilo na lawama, na mwenye jina halihitaji kulilia kiapo. Ajue tu kwamba tiketi yake ya ndege itafuata herufi hizo.

Ugumu ni kwamba mashine ya mpakani inaweza kulipokea jina moja, lakini fomu ya viza huenda isilipokee. Katika fomu ya viza ya Marekani, ijulikanayo kama DS-160, mtu ambaye pasipoti yake ina jina moja huandika jina hilo kwenye sanduku la ukoo, na kwenye sanduku la pili huandika herufi FNU, ambazo ni kifupisho cha Kiingereza chenye maana kwamba jina la kwanza halijulikani. Herufi hizo hazikukusudiwa kuwa jina. Lakini zikishapigwa katika viza hunakiliwa kwenye kitambulisho cha kazi, cha benki na cha shule, na wako wahamiaji kutoka nchi mbalimbali waliojikuta wakiitwa Fnu darasani. Wengine hukimbilia kulirudia jina, Mabula Mabula. Ufumbuzi huo hupita katika tiketi za baadhi ya mashirika, lakini ukiingia katika kitambulisho cha kudumu humfanya mtu aonekane kuwa mwana wa baba mwenye jina kama lake.

Kwa wasafiri wa pwani na wa bara waendao Ghuba, tukio la Novemba 2022 lina funzo. Mashirika ya ndege ya India yaliwatangazia abiria kwamba kuanzia tarehe 21 ya mwezi huo Falme za Nchi za Kiarabu hazitampokea mwenye viza ya matembezi ambaye pasipoti yake ina jina moja tu. Baadaye ikafafanuliwa kwamba jina la baba au la familia likionekana katika ukurasa mwingine wa pasipoti, atapokelewa. Ghuba haikudai ukoo wa Kizungu. Ilichotaka ni jina la baba, lile lile ambalo bin hulisema, na likakubaliwa popote lilipoandikwa.

Indonesia, nchi iliyotawaliwa na Sukarno na baada yake Suharto, kila mmoja akiwa na jina moja, iliamua njia yake mwaka huo huo wa 2022. Kanuni ya wizara ya mambo ya ndani ilitaka jina linaloandikishwa liwe na maneno yasiyopungua mawili na herufi zisizozidi 60. Majina ya zamani yaliachwa yalivyo. Huko serikali ilisema wazi inachotaka na tangu lini. Nyanza hakukuwa na tangazo la namna hiyo. Badiliko lile lile lilifanywa na padri, karani wa kodi, mwalimu na mpiga chapa, kila mmoja kwa daftari lake, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja.

Matokeo yake yako mbele ya macho ya yeyote anayesoma orodha ya wanafunzi katika shule yoyote ya Misungwi. Mabula imo mara nyingine kama jina la mtoto, mara nyingine kama la baba, mara nyingine kama la babu, na mara nyingine kama la ukoo wa watu ambao babu yao wa nne alizaliwa siku ya mvua. Mfumo mmoja umeandikwa juu ya mwingine bila wa kwanza kufutwa. Kwa hiyo anayemwandikisha mtoto leo ana maswali mawili ya kujibu kabla ya kushika kalamu: ni lipi kati ya majina haya lililo lake mwenyewe, na ndugu zake wameandikwaje. La kwanza humpa mtoto jina lake. La pili huwafanya Paulo Mabula na Shija, wakikutana mbele ya hakimu, wasomeke kuwa ndugu.